Snipping Tool inaonyesha arifa lakini faili halipo: picha inakwenda wapi, na namna ya kuifanya ijihifadhi yenyewe

Karani wa hesabu katika ofisi ndogo ya usafirishaji Dar es Salaam analipa ada za serikali kupitia tovuti ya benki. Kila malipo yakikubaliwa, ukurasa unaonyesha namba ya kumbukumbu, kiasi na namba ya udhibiti. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na S, anavuta kipanya kuuzunguka ukurasa ule, na pembeni mwa skrini inachomoza arifa yenye picha ndogo ya alichokikata. Anaendelea na malipo yanayofuata. Jioni anafungua folda ya Pictures ili aambatanishe ushahidi wa siku nzima kwenye barua pepe ya bosi, na hakuna hata faili moja.

Watu wengi wakifika hapo huanza kushuku virusi au diski iliyojaa. Sababu ya kawaida kuliko zote ni nyingine kabisa: Snipping Tool, programu ya Windows ya kukata picha za skrini, imefanya kazi yake yote, ila kazi hiyo haikuwa kuandika faili. Ukielewa picha ile ilipita wapi, utajua pa kuitafuta leo na cha kubadilisha ili kesho usiitafute tena.

Ukibonyeza Windows + Shift + S na kukata sehemu ya skrini, Windows huiweka picha kwenye ubao wa kunakili, ile nafasi ya kumbukumbu ambamo maandishi hukaa baada ya kubonyeza Ctrl + C. Ndiyo maana unaweza kwenda moja kwa moja kwenye WhatsApp ya kompyuta au kwenye Word, ukabonyeza Ctrl + V, na picha ikatokea. Ubao huo kwa kawaida hushika kitu kimoja tu. Ukikata picha ya pili, au ukinakili namba ya simu, picha ya kwanza inaondoka. Kompyuta ikizimwa, hata ile ya mwisho inaondoka.

Ile arifa, kwa upande wake, ni mlango wa kuingilia kwenye dirisha la kuhariri. Ukiibofya, Snipping Tool inafunguka ikiwa na picha yako, na hapo unaweza kuichora, kuipunguza, na kuihifadhi kwa Ctrl + S. Usipoibofya, baada ya sekunde chache inajificha na hakuna mtu aliyeiambia programu iandike faili. Kinachowapotosha wengi ni kwamba katika matoleo ya zamani arifa yenyewe ilisema picha imehifadhiwa kwenye ubao wa kunakili. Mtu mwenye haraka huona tu kwamba imehifadhiwa, anatulia, na anaendelea. Kwa hiyo soma arifa mpaka mwisho. Ikiwa haitaji folda yoyote, picha iko kwenye ubao peke yake. Ikitaja kwamba imewekwa kwenye folda ya picha za skrini, basi kuna faili.

Mkanganyiko unaongezwa na njia nyingine ya kupiga picha ya skrini, ambayo hutenda tofauti. Windows + PrtScn hupiga skrini nzima, skrini hufifia kwa muda mfupi, na faili huandikwa papo hapo kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Mtu aliyezoea njia hiyo akihamia kwenye Windows + Shift + S hudhani mambo ni yale yale.

Kabla ya kuzima kompyuta, okoa za leo

Ikiwa umegundua tatizo sasa hivi na kompyuta bado inawaka, usiizime na usiiwashe upya. Anza na arifa zenyewe. Katika Windows 11 bonyeza Windows + N, katika Windows 10 bonyeza Windows + A, na orodha ya arifa zilizopita itafunguka. Za Snipping Tool zikiwa bado zipo, bofya moja moja. Mara nyingi picha husika itafunguka kwenye dirisha la kuhariri, nawe utaihifadhi kwa Ctrl + S.

Baada ya hapo jaribu Windows + V. Hii hufungua historia ya ubao wa kunakili, iliyokuja na Windows 10 toleo la 1809 mwaka 2018. Historia hiyo hushika hadi vitu 25, na kitu kinachozidi megabaiti 4 hakiingii. Haijiwashi yenyewe. Ikiwa hukuwahi kuiwasha, utakuta kitufe cha kuiwasha tu, na haitarudisha yaliyopita. Ikiwa ilikuwa imewashwa, picha za karani wetu zitakuwa zimepangwa humo, na kila moja inaweza kubandikwa kwenye Paint na kuhifadhiwa. Kuwasha kompyuta upya hufuta historia hiyo yote, isipokuwa vitu vilivyobandikwa pini. Ndiyo sababu ya onyo langu la kutozima.

Mahali pa tatu ni folda ya muda ambayo programu huitumia nyuma ya pazia. Bonyeza Windows + R, bandika mstari huu, kisha Enter:

```
%LOCALAPPDATA%\Packages\Microsoft.ScreenSketch_8wekyb3d8bbwe\TempState
```

Jina la folda ni refu kwa sababu ScreenSketch ndilo jina la ndani la programu hii. Panga yaliyomo kwa tarehe, na ukiona folda ndogo ndani yake, fungua nazo pia. Picha zikiwamo zitakuwa na majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyosema lolote, kwa hiyo badilisha mwonekano uwe wa picha kubwa ili uzitambue kwa macho. Ukizipata, zinakili uziweke kwenye folda yako ya kawaida. Usizifanyie kazi humo humo, kwa kuwa Windows ina haki ya kuisafisha folda hiyo wakati wowote bila kukuuliza. Mimi ningeihesabu kama bahati. Usipange kazi ya ofisi ukiitegemea.

Kuwasha kujihifadhi

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Katika Windows 11, bofya Start, andika Snipping Tool, uifungue kama programu. Usiiite kwa Windows + Shift + S, kwa sababu njia hiyo inakupeleka kwenye ukataji tu na haionyeshi mipangilio. Kwenye dirisha la programu kuna nukta tatu upande wa juu kulia. Bofya hapo, kisha chagua Settings. Shuka kidogo utafute swichi iitwayo "Automatically save original screenshots". Katika matoleo ya mwanzo ya kipengele hiki imeandikwa "Automatically save screenshots". Iwashe.

Chini ya swichi hiyo, matoleo mapya huonyesha njia ya folda inayopokea picha, na kitufe cha Change cha kuibadilisha. Folda ya kawaida ni Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Karani wetu anaweza kuielekeza kwenye folda ya malipo ya mwezi, lakini namshauri aiache ilivyo kwa wiki ya kwanza mpaka ahakikishe mambo yanakwenda, kisha ndipo ahamishe.

Kwenye ukurasa huo huo kuna swichi nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. "Automatically copy changes" inahusu ubao wa kunakili: ukichora juu ya picha, toleo lililochorwa ndilo litakalobandikwa. "Ask to save edited screenshots" hukuuliza kabla ya kufunga dirisha lenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Zote mbili zina faida, lakini hakuna hata moja inayoandika faili kwa niaba yako unapokata na kuendelea na kazi. Kurekodi video ya skrini nako kuna swichi yake, kwa hiyo usitegemee kwamba ukiwasha ya picha umewasha na ya video.

Ukishawasha, jaribu mara moja. Kata sehemu yoyote ya skrini, usibofye arifa, kisha bonyeza Windows + R na uandike:

```
shell:screenshots
```

Amri hii hufungua folda ya Screenshots popote Windows inapoitambua kuwa ipo, jambo ambalo litakuwa na maana baadaye kidogo. Unatafuta faili ambalo jina lake lina tarehe na saa, mfano `Screenshot 2025-03-14 101530.png`. Tarakimu sita za mwisho ni saa, dakika na sekunde: hapo ni saa nne asubuhi, dakika kumi na tano na sekunde thelathini. Ukiliona, umefaulu. Ukiona tu mafaili ya mtindo wa `Screenshot (12).png`, hayo yametokana na Windows + PrtScn, na kujihifadhi kwa Snipping Tool bado hakujafanya kazi.

Kwa kazi ya karani jina hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Ushahidi wa malipo uliopigwa saa 101530 unaweza kulinganishwa na muda wa muamala kwenye taarifa ya benki, na mafaili ya siku nzima yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Asiyabadilishe majina hayo ovyo. Aongeze namba ya udhibiti mwishoni, aache tarehe na saa mbele.

Usipoiona swichi

Swichi hii haikuwapo Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021. Ilianza kuingia mwaka 2022 kupitia masasisho ya programu yenyewe, ambayo huja kwa Microsoft Store na si lazima yaje pamoja na masasisho ya Windows. Ndiyo maana unaweza kukuta kompyuta iliyosasishwa vizuri lakini Snipping Tool yake imezeeka, hasa ofisini ambako Store imefungwa au intaneti ni ya kupimwa kwa bando. Fungua Microsoft Store, ingia kwenye Library, tafuta masasisho, kisha rudi kwenye Settings za programu uangalie tena. Kama Store imefungwa na msimamizi wa mtandao, huyo ndiye wa kuombwa. Kupakua faili la programu kutoka tovuti usiyoijua ili kukwepa kizuizi ni kuomba matatizo makubwa zaidi ya picha zilizopotea.

Kwenye Windows 10 hali ni tofauti. Huko programu inayofanya kazi hii inaitwa Snip & Sketch, na mipangilio yake haina kujihifadhi. Ina swichi iliyo chini ya neno "Save snips", inayowavutia wengi wakidhani ndiyo yenyewe, kumbe hutoa tu onyo kabla ya kufunga picha isiyohifadhiwa. Wenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, wana njia mbili za busara. Ya kwanza ni kutumia Windows + PrtScn na kupunguza picha baadaye, maana hiyo huandika faili siku zote. Kwenye kompyuta mpakato nyingi itabidi ushike na kitufe cha Fn. Ya pili ni kukata kwa Windows + Shift + S, kisha kuitoa picha kwenye ubao kwa mstari mmoja wa Windows PowerShell, programu ya kuandikia amri iliyo ndani ya Windows:

```powershell
(Get-Clipboard -Format Image).Save("$HOME\malipo1.png")
```

Mstari huu huandika picha iliyo kwenye ubao kuwa faili ndani ya folda kuu ya mtumiaji. Badilisha jina kila mara, la sivyo faili la pili litalifuta la kwanza. Ukipata maandishi mekundu yanayosema huwezi kuita mbinu kwenye kitu kisicho na thamani, ubao hauna picha kwa wakati huo. Amri hii ni ya PowerShell 5.1 inayokuja na Windows. Katika PowerShell 7 kipengele cha `-Format` kimeondolewa, na haitafanya kazi.

Swichi imewashwa, folda bado tupu

Hapa mara nyingi faili lipo, ila unatazama folda isiyo yake. OneDrive ikiwa imewashwa kuhifadhi nakala ya Pictures, folda halisi inahamia ndani ya OneDrive, na njia yake inakuwa ya namna ya `C:\Users\jina\OneDrive\Pictures\Screenshots`. Ile ya zamani, `C:\Users\jina\Pictures`, inaweza kubaki pale pale ikiwa na vitu vichache vya kale, na mtu akiingia kwa kupitia diski C anakuta ukiwa. Ndiyo faida ya `shell:screenshots`: haikisii, inakupeleka panapohusika.

Sababu nyingine ni folda iliyohamishwa. Kuna aliyeipeleka Screenshots kwenye diski ya nje au kwenye flashi ili kuokoa nafasi, kisha akaichomoa. Programu ikitaka kuandika haina pa kuandika. Bofya kulia kwenye folda ya Screenshots, chagua Properties, nenda kwenye kichupo cha Location, kisha Restore Default. Na kama ulichagua folda nyingine kwa kitufe cha Change, hakikisha bado ipo.

Ulinzi dhidi ya programu za utekaji wa mafaili nao unaweza kuzuia. Ndani ya Windows Security kuna kipengele kiitwacho "Controlled folder access", ambacho kikiwashwa hulinda folda kama Pictures na Documents dhidi ya programu kisizoziamini. Ukikikuta kimewashwa, angalia "Protection history" palepale. Kama Snipping Tool imezuiwa, tukio litakuwa limeandikwa pamoja na saa yake, nawe utairuhusu hiyo peke yake bila kuuzima ulinzi mzima.

Yote hayo yakiwa sawa, kinachobaki ni programu yenyewe kuharibika. Nenda Settings za Windows, Apps, Installed apps, tafuta Snipping Tool, bofya nukta tatu, kisha Advanced options. Bonyeza Repair kwanza. Reset iwe ya mwisho, kwa kuwa hurudisha mipangilio mwanzo na inaweza kufuta picha za muda ambazo hujaziokoa. Baada ya Reset rudi ukaangalie swichi, usidhani imebaki ulivyoiacha.

Kutoonekana kwa arifa ni jambo jingine. Arifa zikizimwa, au hali ya "Do not disturb" ikiwashwa, hutaona kitu kikichomoza, lakini picha inaingia kwenye ubao kama kawaida na faili linaandikwa ikiwa kujihifadhi kumewashwa. Arifa na faili havitegemeani. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, na kipimo cha kuaminika ni folda.

Kinachohifadhiwa ni picha ya kwanza, kabla hujaigusa

Jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote, na ndilo linalosemwa kwa uchache. Swichi ile inaitwa ya picha za awali kwa sababu. Faili huandikwa pale pale unapoachia kipanya, kabla hujafungua dirisha la kuhariri. Ukibofya arifa ukachora mshale mwekundu, ukapunguza kingo, au ukafunika namba ya akaunti kwa wino mweusi, mabadiliko hayo hayaingii kwenye faili lile mpaka uyahifadhi mwenyewe kwa Ctrl + S. Anayetarajia kukuta mishale yake kwenye folda atadhani tena kwamba kujihifadhi kumegoma.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mzito zaidi. Karani anapiga picha ya ukurasa wa benki, anafunika salio la kampuni, na kutuma iliyofunikwa. Iliyo wazi bado imekaa kwenye Screenshots. Kama folda hiyo inakwenda OneDrive, iliyo wazi imeshapanda mtandaoni kabla hata hajachukua kalamu ya kufunikia. Kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watatu kwa jina moja la mtumiaji inamwonyesha kila mmoja wao.

Kuhifadhi picha iliyopunguzwa juu ya faili lile lile nako kuna historia yake mbaya. Machi 2023 iligundulika kasoro iliyopewa namba CVE-2023-28303: Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10, zikihifadhi picha iliyopunguzwa juu ya faili la awali, ziliacha sehemu ya data ya zamani mwishoni mwa faili, na mjuzi aliweza kurudisha kipande kilichodhaniwa kimekatwa. Microsoft ilitoa sasisho mwezi huo huo kupitia Store, na ni sababu nyingine ya kutoiacha programu hii izeeke. Sasisho hilo halisafishi mafaili yaliyohifadhiwa kabla yake. Picha zilizokatwa siku zile na kutumwa kwa watu zimebaki zilivyo.

Kwa kazi yenye siri, kata sehemu unayoihitaji tu tangu mwanzo badala ya kukata pana na kufunika. Ukilazimika kufunika, hifadhi iliyofunikwa kwa jina jipya, itume hiyo, kisha futa ya awali siku hiyo hiyo. Kama ilikuwa OneDrive, ingia pia kwenye pipa la takataka la OneDrive mtandaoni uiondoe huko, maana kwenye akaunti ya mtu binafsi faili lililofutwa hukaa hapo hadi siku 30, na kwenye akaunti ya kazini kwa kawaida hukaa hadi siku 93.